UZI: Kinywaji changu nimekiita "Asali ya Usambara", mteja kaniambia nimemdanganya. Nisaidieni jina

MezaSaba_Tanga

Wakuu habari za jioni. Nina mgahawa mdogo Tanga mjini, meza saba tu. Chakula ni kile kile cha kila siku, wali wa nazi, samaki, maharage, kisamvu. Kinachonitenga na majirani ni kinywaji nilichokibuni mwenyewe mwaka jana: maji ya machungwa ya Muheza, tangawizi, iliki na asali. Nakiuza kikiwa baridi kweli kweli, jani la mchaichai limesimama ndani ya glasi. Kwenye menyu nimekiandika juu kabisa, herufi kubwa: ASALI YA USAMBARA. Hakuna maelezo mengine, jina na bei basi.

Mwanzoni nilikuwa nakiita "Juisi ya machungwa spesho", nikawa nauza glasi sita kwa siku. Nilipobadili jina tu, kinywaji kile kile, nikafika ishirini na kitu. Kwa hiyo jina linauza, hilo halina ubishi.

Sasa Jumamosi kaja baba mmoja wa makamo na binti yake. Akasoma menyu, akafurahi, akaagiza glasi mbili zake peke yake. Alipomaliza ya kwanza binti akanifuata kaunta, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hii mnatia asali tupu?" Nikamwambia hapana, na sukari tunatia. Akarudi mezani. Nikamuona baba anaisukuma ile glasi ya pili katikati ya meza, taratibu, kama mtu anayesogeza kitu kinachounguza. Wakati wa kulipa akaniambia, "Mwanangu, nina sukari, soda nimeacha miaka. Nimeona asali nikajua mmetufikiria watu kama sisi." Akalipa zote mbili.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Asali natia, sijadanganya. Lakini mbona najisikia kama nimedanganya? Nibadili jina au niliache? Na kama ni kubadili, nipeni jina litakalovuta.

Kijiwe_Nongwa

Mkuu jina la biashara unaenda BRELA, siku hizi ni mtandaoni, unaangalia kwanza kama halijachukuliwa. "Asali ya Usambara" linaweza kuwa na mwenyewe tayari, usijekushtakiwa.

MezaSaba_Tanga

Ahsante kaka, ila naulizia jina la kinywaji kwenye menyu. Mgahawa wenyewe jina lake lipo na limesajiliwa.

Kijiwe_Nongwa

Ooh sawa. Basi liache hilo hilo, mbona zuri. Wabongo hatusomi.

Mzee_wa_Menyu

Nimefanya kazi ya jikoni na baadaye ya kusimamia ukumbi wa chakula kwenye hoteli za Unguja miaka mingi, menyu nimeandika zisizo na idadi. Binti yangu, kabla hatujagusa jina, weka hapa mapishi. Si "asali, tangawizi", nataka vipimo. Jagi moja linatoka vipi?

MezaSaba_Tanga

Shikamoo mzee. Jagi kubwa moja:

Machungwa 40 yaliyokamuliwa, yanatoa lita 3 hivi. Tangawizi robo kilo, naiponda, nailaza usiku kucha kwenye lita 1 ya maji pamoja na sukari, asubuhi nachuja. Iliki punje 20, natwanga na kutia humo humo. Sukari nusu kilo. Asali vijiko viwili vikubwa. Napata glasi 14 za mililita 300.

Iliki inatoka Amani, kuna mama ananiletea. Asali naletewa kutoka Handeni.

Mzee_wa_Menyu

Marahaba. Jibu lako liko humo humo ulimoandika, tupige hesabu pamoja.

Kijiko kikubwa cha asali kina gramu 20 na kidogo. Viwili ni kama gramu 42. Gawa kwa glasi 14, kila mteja anapata gramu 3. Hiyo haifiki hata nusu ya kijiko cha chai cha asali. Sasa sukari, gramu 500 gawa kwa 14, ni gramu 36 hivi, yaani vijiko vya chai tisa vilivyosawazishwa. Kwa hiyo yule baba alipokunywa "Asali ya Usambara" alikunywa vijiko tisa vya sukari na tone la asali.

Halafu asali yenyewe ya Handeni. Ndani ya glasi kitu pekee kilichoshuka kutoka Usambara ni iliki. Kwa hiyo neno la kwanza la jina lako ni kweli kwa gramu 3, na neno la mwisho ni kweli kwa punje moja na nusu ya iliki. Huo uongo hukuusema kwa mdomo, ni kweli, lakini mteja haoni jikoni kwako. Anachoona ni maneno mawili.

Jinsi ya kujua kama kiungo kinastahili kukaa kwenye jina: tengeneza jagi dogo bila asali kabisa, kila kitu kingine vile vile, na jingine kama kawaida. Wape watu watatu waonje bila kuwaambia. Wakishindwa kutofautisha, basi asali haina kazi mle ndani, ipo kwa ajili ya karatasi tu. Fanya hivyo kesho utuletee majibu.

TibaAsili_Bukoba

Mzee umeongea vizuri ila dada usijilaumu sana. Angetia asali tupu yule baba asingepata shida yoyote. Asali ni sukari ya asili, haipandishi sukari mwilini kama hii ya kiwandani. Kwa hiyo dawa ni rahisi: toa sukari, jaza asali, jina libaki.

Nesi_Pwani

Ndugu yangu hapo nakukatalia. Asali nyingi inapandisha sukari ya mgonjwa, tena kijiko cha asali kina uzito zaidi ya kijiko cha sukari kwa sababu asali ni nzito. Hapa kliniki tunawaona kila wiki, "Sista mimi natumia asali tu", ukipima mashine inakutolea macho. Na hata ungetoa sukari na asali zote, maji ya machungwa lita tatu yana sukari yake. Glasi ile ina zaidi ya mililita 200 za chungwa lililokamuliwa.

Ninachomwambia dada wa Tanga ni hiki: neno "asali" kwa watu wetu si utamu tu, wanalisikia kama tiba. Ukiliandika kwa herufi kubwa, wagonjwa ndio watakaolifuata. Hilo ndilo lililomvuta yule baba.

TibaAsili_Bukoba

Sawa sista, labda nilizidisha. Ila ya kiwandani ni mbaya zaidi, hapo sitoki.

Binti_Mvita

Jamani mimi niko Mombasa na uzi huu umenigusa mahali. Biriani yangu kwenye menyu imeandikwa "Biriani ya Zafarani". Zafarani naitia siku ya harusi na oda kubwa. Siku za kawaida ni rangi ya biriani ile ya kopo, kila mtu mjini anajua, hata hao wateja wenyewe nyumbani kwao wanatia rangi. Sasa na mimi nadanganya? Mbona kuku wa kupaka hana paka?

Hilo la kuku wa kupaka si mzaha. Menyu yetu ya kwanza mchapishaji aliandika "KUKU PAKA", kama wengi wanavyosema. Akaja kijana wa bara na mchumba wake, akasoma, akanitizama, akasoma tena. Akauliza, "Mama, hapa ni kuku ama ni paka?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Waliondoka na soda zao mkononi.

Mzee_wa_Menyu

Bi Mvita, umeleta mambo mawili tofauti, usiyachanganye.

Kuku wa kupaka ni jina la mazoea. Linaeleza kazi, kwamba kuku anachomwa huku anapakwa tui zito lililopikwa na viungo. Halimuahidi mtu kiungo cha gharama, kwa hiyo halidanganyi, linahitaji kuandikwa kamili tu. "Kuku wa Kupaka", halafu chini herufi ndogo, "wa kuchoma makaa, anapakwa tui la nazi, ndimu na pilipili". Yule kijana angeketi.

Zafarani ni habari nyingine. Kile ni kiungo chenye bei ya ajabu, na mtu akikiona kwenye menyu anakubali biriani iwe ghali. Jiulize swali hili: ukilifuta neno "zafarani" ubaki na "Biriani ya Nyama", utathubutu kuacha bei ile ile? Kama jibu ni hapana, basi kuna pesa unapokea kwa ajili ya kitu ambacho hakimo kwenye sufuria. Mazoea hayakukingi hapo. Kenya mna Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, sura ya 254, inakataza kuuza au kutangaza chakula kwa namna ya kupotosha kuhusu kilivyo na kilichomo. Huku Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani. Sisemi watakuja kesho kwenye biriani yako. Nasema ukibishiwa na mteja anayejua, huna pa kusimama.

Binti_Mvita

Mzee bei ni ile ile ya jirani yangu ambaye ameandika "Biriani" tupu. Sijaongeza hata shilingi. Kwa hivyo kwa kipimo chako mimi niko salama.

Mzee_wa_Menyu

Kwa kipimo cha bei uko salama. Kwa kipimo cha anayeuchukia ule unga wa rangi, hauko. Andika "Biriani ya Zafarani" siku unayoitia, kwenye ubao. Siku nyingine andika "Biriani ya Mvita". Hilo lina mvuto wake.

Binti_Mvita

Nitafikiri. Sikuahidi.

Mpishi_Leicester

Nawasoma kutoka Uingereza. Nina kibanda cha chakula cha pwani kwenye masoko ya wikiendi. Nitaongeza upande ambao haujaguswa: jina kudanganya kwa kunyamaza.

Mwaka wa kwanza nilipenda majina ya kubuni matupu. Kisamvu nilikiita "Kijani cha Bibi". Watu walikipenda, jina tamu, linawakumbusha kwao. Kisamvu changu kina karanga za kusaga, kama tunavyokula nyumbani. Siku moja mama mmoja wa Kizungu ameshashika sahani, kijiko kiko njiani, akauliza kwa bahati tu, "Hii imetiwa nini inakuwa laini hivi?" Nikamwambia karanga. Akairudisha sahani mezani kama imemuuma. Mwanawe aliyekaa pembeni yake ana mzio wa karanga, na sahani ilikuwa ya mtoto.

Huku kuna orodha ya vitu 14 ambavyo muuzaji lazima aweze kumwambia mteja kama vimo: karanga, njugu za miti kama korosho, ufuta, maziwa, mayai, samaki na vinginevyo. Nazi haimo kwenye orodha ile, watu wengi wanadhani imo. Lakini mimi siku hizi siandiki kwa sababu ya sheria. Naandika kwa sababu ya uso wa yule mama.

Kwa hiyo dada wa Tanga, ukitoka kwenye "Asali" ukakimbilia jina la ushairi lisilosema kitu, hujamaliza kazi. Jina la ushairi lina deni, na mstari wa chini ndio unaolilipa.

Kijiwe_Nongwa

Mimi naona kinyume. Ukiweka jina la kubuni kabisa, mfano "Mwezi wa Tanga", hakuna wa kukushtaki maana hujasema kina nini. Mwezi hauna viungo 😂

Mpishi_Leicester

Ndugu, hivyo ndivyo nilivyofikiri mimi mpaka siku ya ile sahani.

MezaSaba_Tanga

Nimerudi na majibu. Mzee, nimefanya jaribio la glasi mbili. Nimemuonjesha weita wangu, muuza vocha wa nje, na mama wa iliki mwenyewe aliyekuwa amekuja kuleta mzigo. Hakuna aliyejua ipi ina asali. Mama wa iliki akasema isiyo na asali ndiyo ina asali. Tangawizi na iliki zinaimeza kabisa.

Nikajaribu kutia nusu kwa nusu, sukari robo kilo na asali robo kilo. Hapo asali inasikika, tena harufu yake inakuja puani kabla ya tangawizi. Lakini kilo ya asali ni ghali mara kadhaa kuliko sukari, itabidi nipandishe bei na wateja wangu ni watu wa mjini wa kawaida. Kwa hiyo asali naitoa kwenye jina.

Sasa nimefikiria "Mohito ya Muheza". Vijana wanapenda mohito, na yangu haina kilevi. Mnaonaje?

Nesi_Pwani

Shoga, hapo Tanga? Nusu ya wateja wako wakisoma mohito watauliza kwanza kama ina pombe, na nusu nyingine hawatauliza, wataruka mstari.

Mzee_wa_Menyu

Hilo lilishanitokea. Hoteli moja tuliajiri mtu kutafsiri menyu, akakuta kinywaji ambacho Wazungu wanakiita kwa neno la "bikira" kumaanisha hakina kilevi. Akaandika "Mohito Bikira". Kilikaa kwenye menyu wiki mbili kabla mgeni mmoja wa Pemba hajaniita mezani, akaniuliza kwa adabu kubwa huyo bikira ni nani na anafanya nini ndani ya glasi.

Mbali na kicheko, kuna sababu mbili za kuliacha. Mohito watu wanaijua ina majani ya mnanaa na ndimu, chako hakina vyote viwili. Atakayeagiza akitegemea mnanaa atapata mchaichai. Na neno la kinywaji cha pombe linakulazimisha uandike "hakina kilevi" pembeni yake. Mimi napenda jina lisilohitaji kujitetea.

Ila kuna jambo limenikera tangu ulipoandika mapishi, nikasema nitalirudia. Tangawizi unailaza usiku kucha na sukari. Wapi, mezani au kwenye friji?

MezaSaba_Tanga

Mezani mzee, nimefunika sahani. Jumapili hatufungui, kwa hiyo ya Jumamosi inalala mpaka Jumatatu asubuhi. Inakuwa kali zaidi, watu wanaipenda ya Jumatatu.

Mzee_wa_Menyu

Nilihisi. Hiyo ya Jumatatu inapendwa kwa sababu imeanza kuchachuka. Tangawizi mbichi ina hamira yake ya asili kwenye ganda, ukiipa sukari na joto la Tanga siku mbili, inafanya kazi kama togwa linalolala. Angalia Jumatatu ijayo: utaona vipovu pembeni ya chombo, ukifunika kwa mfuniko wa kubana utasikia unapumua ukifungua, na harufu inakuwa na uchachu mwembamba nyuma ya ukali. Kilevi kinachopatikana ni kidogo, lakini huwezi kusema ni kiasi gani maana hupimi. Na wewe unataka kuandika "hakina kilevi".

Ukitaka maneno hayo yawe kweli, chemsha. Ponda tangawizi, ichemke kwenye ile lita ya maji dakika kumi, chuja, tia sukari ikiwa moto iyeyuke, ipoe, iende kwenye friji. Ya Jumamosi isiyoisha, mwaga. Ukali utabadilika kidogo, utakuwa wa kooni zaidi kuliko wa ulimini. Ongeza tangawizi gramu 50 ukiona umepungua.

TibaAsili_Bukoba

Togwa la kuchachuka lina faida kwa tumbo lakini. Mbona mnalitia woga.

Nesi_Pwani

Hakuna aliyelitia woga. Anayelitaka aliagize kwa jina lake.

MezaSaba_Tanga

Mzee kusema kweli hilo sikulijua kabisa. Kuna mashehe wawili wanakunywa kwangu kila Jumatatu wakitoka adhuhuri. Sijui niwaambie au ninyamaze.

Binti_Mvita

Waambie. Kwa utaratibu, lakini waambie.

Kijiwe_Nongwa

Nyamaza, chemsha kuanzia kesho, yaishe.

MezaSaba_Tanga

Hilo nitalimaliza mwenyewe. Turudi kwenye jina. "Machungwa ya Muheza" je? Hilo ni kweli tupu.

Lori_la_Machungwa

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi nabeba machungwa Muheza kupeleka Dar na Nairobi, msimu kwa msimu. Dada, ni kweli tupu msimu wa machungwa. Msimu ukikata utanunua wapi? Utachukua popote yalipo, au utafungua juisi ya boksi kama wanavyofanya wengi. Siku hiyo menyu yako itakuwa inasema Muheza na jagi linasema kitu kingine. Mimi nimeshaona mgahawa umeandika "embe boribo freshi" mwezi ambao boribo hata moja haipo barabarani.

Ila nikupe kitu. Unajua wateja wangu wa Nairobi wananiuliza nini kila mara? "Hizi mbona kijani, zimeiva?" Machungwa ya pwani yanaiva ganda likiwa bado kijani, kwa sababu usiku wa huku hauna baridi ya kuligeuza rangi. Ndani ni njano na tamu. Wageni hawaamini mpaka wakate. Hicho ndicho kitu cha Muheza ambacho huwezi kukidanganya, anayelijua chungwa lile analijua.

Mzee_wa_Menyu

Huyu dereva ametupita wote.

Binti, "Chungwa la Kijani". Ni kweli, na linamfanya mtu aulize. Akiuliza, weita ana jibu fupi lenye ladha: "Ni machungwa ya huku, yanaiva na ganda la kijani." Halafu mstari wa chini ufanye kazi ya ukweli: "Chungwa lililokamuliwa, tangawizi ya kuchemsha, iliki ya Amani. Kina sukari." Neno "kina sukari" usilifiche mwishoni kwa herufi za sisimizi, liwe sawa na mengine.

Kabla ya kuchapisha, fanya jaribio la pili. Andika jina peke yake kwenye karatasi, bila mstari wa chini, waoneshe wateja kumi, mmoja mmoja, waulize: "Unadhani kina nini ndani?" Usiwasaidie. Wakitaja kitu ambacho hakimo, jina linadanganya hata kama wewe hukukusudia.

MezaSaba_Tanga

Siku tatu baadaye. Nimewaonesha kumi, nikawauliza na "Asali ya Usambara" kwa pamoja ili nilinganishe.

"Asali ya Usambara": nane wamesema asali, mmoja akasema maziwa na asali, mmoja akasema ni dawa ya kikohozi.

"Chungwa la Kijani": saba wamesema machungwa. Watatu wamesema kinywaji chenyewe ni cha kijani. Mmoja kati yao akasema kina tango au mchicha, "kama zile za watu wa mazoezi". Sasa hao watatu wananisumbua. Wakiletewa glasi ya njano si wataona nimewadanganya?

Mpishi_Leicester

Watatu kwa kumi ni wengi. Mimi ningerekebisha. "Chungwa la Ganda Kijani"?

Mzee_wa_Menyu

Linakuwa sahihi na linakufa. Soma kwa sauti uone. Mimi naona mstari wa chini unatosha kuwasaidia wale watatu, na zaidi ya hapo weka chungwa zima la kijani kaunta, lililokatwa nusu, mteja aone ganda na nyama yake.

Mpishi_Leicester

Chungwa la kaunta halisomeki kwa anayeagiza kwa simu au kwa picha ya menyu WhatsApp. Mstari wa chini watu wanauruka, mimi nimeshuhudia. Hapo mzee tutofautiane.

Lori_la_Machungwa

Mimi ningeliacha. Wale watatu wakiona rangi watauliza, wakiuliza wataambiwa, wakiambiwa watakuja na wenzao.

Binti_Mvita

Na msimu ukikata?

MezaSaba_Tanga

Msimu ukikata nalifuta, nauza ukwaju. Hilo nimeshaamua, juisi ya boksi siuzi kwa jina lile. Kwa sasa naanza na "Chungwa la Kijani" na mstari wa mzee, nione wiki mbili watu wanaagiza vipi na wangapi wanashangaa rangi. Nitarudi kuwaambia.

Swali la mwisho ni la aibu kidogo. Menyu thelathini nimeshazilaminisha na "Asali ya Usambara" juu kabisa. Nafanyaje bila kuchapisha upya?

Mpishi_Leicester

Stika. Chapa majina mapya kwenye karatasi ya kunata, kata, bandika juu. Hakikisha inafunika lote, usibakize "Usambara" inachungulia.

Kijiwe_Nongwa

Mark pen nyeusi, ziba moja kwa moja.

Binti_Mvita

Chochote utakachobandika, futa kwanza kwa spiriti. Menyu iliyokaa mwaka mezani kwenye samaki wa kukaanga, hakuna kinachoshika.